Je, Wajua? Kijiti, Kiazi na Dunia Iliyoinama

Je, wajua kwamba kijiji cha Bihambwe, huku Masisi, kina siku mbili tu katika mwaka ambazo kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli? Ya kwanza ni karibu na tarehe 16 Machi, ya pili karibu na tarehe 26 Septemba. Siku hizo, ikifika saa sita mchana, jua linakuwa utosini kabisa, na kivuli chote kinajificha chini ya kijiti chenyewe. Kuku akipita uani, kivuli chake kinamfuata chini ya tumbo. Siku nyingine zote kivuli cha saa sita kipo, hata kikiwa kidogo. Karibu nusu ya mwaka kinalala upande wa kusini, kuelekea Kalehe, na nusu nyingine kinalala upande wa kaskazini. Ukijua kwa nini kinahama hivyo, umekwisha kujua kwa nini kuna wakati wa mvua na wakati wa jua. Kwa hiyo leo tunakaa na kijiti hicho, pamoja na kiazi kimoja.

Je, wajua kwamba dunia haikusimama wima? Chukua kiazi cha mviringo, kimoja tu kati ya vile mama alivyochimba, na ukichome kijiti chembamba kitoke juu mpaka chini kikipita katikati. Kijiti hicho tunakiita mhimili. Dunia ya kweli haina kijiti ndani yake, lakini inajizungusha kana kwamba inacho. Kwa kipande cha makala chora mstari kuzunguka tumbo la kiazi: hiyo ndiyo ikweta. Halafu weka doa dogo chini ya mstari, karibu kuugusa. Hapo ndipo Bihambwe, kwa sababu kijiji kiko kusini ya ikweta kwa digrii moja na nusu hivi tu.

Usiku washa taa katikati ya chumba. Taa ndiyo jua. Inamisha kijiti cha kiazi, si sana: ukigawa mara nne njia ya kutoka kusimama wima mpaka kulala chini, wewe inamisha robo moja. Kwa hesabu kamili ni digrii 23.4. Ncha ya juu ielekee mlangoni. Sasa zunguka taa polepole huku ukikizungusha kiazi kwenye kijiti chake. Kila mzunguko wa kiazi ni siku moja, usiku na mchana. Ukirudi pale ulipoanzia, mwaka umekwisha.

Hapa watoto wengi wanakosea, na watu wazima pia. Wanapozunguka taa, mkono unageuka pamoja na mwili, na ncha ya kijiti inajikuta inaangalia taa kila mahali. Ukifanya hivyo, kiazi chako kina majira ya aina moja mwaka mzima, na hakuna kilichoelezwa. Ncha lazima iendelee kuelekea mlangoni, hata ukiwa wewe umeupa mlango mgongo. Jipime hivi: ukisimama upande wa taa ulio mbali na mlango, ncha ya juu inaiinamia taa. Ukisimama upande wa mlangoni, ncha ile ile inaikimbia taa. Ukiwa kati ya pande hizo mbili, haiinamii wala haikimbii, imeinama pembeni tu. Ukiyaona mambo hayo yote katika mzunguko mmoja, umepatia.

Je, wajua mlango wa dunia ni upi? Ni nyota. Ncha ya kaskazini ya dunia huelekea karibu sana na nyota moja, ile watu wanayoiita Nyota ya Kaskazini, Januari hata Desemba bila kubadilika. Lakini usiitafute ukiwa Bihambwe. Kwa kuwa mko kusini ya ikweta, nyota hiyo iko chini ya ukingo wa dunia. Hata kule Butembo na Beni, ambako umekwisha kuvuka ikweta, bado iko chini mno hata vilima vinaifunika.

Je, wajua kwamba dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari? Wakati huo umbali ni kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi, kilomita milioni 152. Watu wengi hudhani joto huja tukisogea karibu na jua na baridi huja tukienda mbali, kama mtu anayesogelea moto. Kama ingekuwa hivyo, Januari ingekuwa mwezi wa joto kwa dunia nzima. Kumbe Januari Ulaya kuna theluji. Tofauti hiyo ya umbali ni ndogo, tatu tu katika kila mia, na haiwezi kuleta majira. Kinachofanya kazi hiyo ni kuinama.

Je, wajua kwa nini mwanga ulioinama ni dhaifu? Shika tochi juu ya karatasi, iangalie chini moja kwa moja. Unaona duara dogo lenye mwanga mkali. Chora ukingo wake kwa kalamu. Sasa, bila kuongeza umbali, inamisha tochi. Duara linarefuka kama yai na mwanga unafifia. Betri ni zile zile na tochi ni ile ile, ila mwanga uliokuwa unakaa mahali padogo sasa umegawiwa mahali pakubwa. Ni kama sahani moja ya fufu: ikiliwa na watoto wawili wanashiba, ikigawiwa sita kila mmoja anapata tonge. Jua la utosini ni tochi iliyosimama wima. Jua lililo chini angani ni tochi iliyolala.

Basi turudi kwenye kiazi. Ncha ya juu inapoinamia taa, nusu ya juu ya kiazi inapata mwanga wa kusimama, na nusu ya chini inapata mwanga wa kulala. Huo ni mwezi wa Juni. Miezi sita baadaye, Desemba, mambo yamegeuka: nusu ya chini ndiyo inayopata mwanga mkali. Ndiyo maana kule Ulaya Desemba ni baridi, na Afrika ya Kusini Desemba ni joto, siku moja, jua moja.

Je, wajua kwamba Desemba jua huzama Brussels mapema kuliko Bihambwe, ingawa Brussels iko mbali magharibi? Hili nalipenda kuliko mengine yote, na tulitazame taratibu. Wakongomani wengi wanaishi Brussels, na huenda shangazi yako ni mmoja wao. Jua linatoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo linafika Masisi kwanza na Brussels baadaye. Ungetegemea basi lizame Masisi kwanza. Lakini shangazi akipiga simu tarehe 21 Desemba na kusema, "Jua linazama hapa," saa yake inasema karibu saa kumi na dakika arobaini. Saa ya Bihambwe iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwenu ni karibu saa kumi na moja na dakika arobaini. Toka nje utazame. Kama kilima hakikuziba, jua bado lipo, na litakuwapo kwa nusu saa nyingine.

Kwa nini? Tazama kiazi. Ncha ya juu inapoikimbia taa, sehemu za juu zinapita gizani muda mrefu na mwangani muda mfupi. Desemba mchana wa Brussels una saa nane hivi tu. Juni ni kinyume chake: mchana una saa kumi na sita na nusu, na watoto wa huko wanaambiwa walale wakati jua bado liko dirishani, kwa sababu linazama saa nne usiku.

Sasa weka kijiti cha mita moja katika miji yote miwili. Tarehe 21 Juni saa sita, kivuli cha Brussels ni sentimita 52 na cha Bihambwe ni sentimita 46. Karibu sawa! Siku hiyo jua la saa sita lina nguvu karibu moja kule na huku. Tarehe 21 Desemba, kivuli cha Bihambwe ni sentimita 40. Cha Brussels ni zaidi ya mita tatu na nusu. Kijiti ni kifupi kuliko mtoto, na kivuli ni kirefu kuliko mlango wa nyumba. Mwanga uliosambazwa hivyo hauwezi kupasha udongo joto, na saa nane ni muda mfupi mno. Baridi ya shangazi inatoka hapo.

Je, wajua kwamba Bihambwe mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima? Zinapita kwa dakika chache tu. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni dakika kumi hivi. Doa lako kwenye kiazi liko karibu na mstari wa katikati, na mstari huo, uinamishe kiazi unavyotaka, nusu yake iko mwangani na nusu yake gizani.

Je, wajua kwamba baridi ya asubuhi za Juni na Julai haitokani na jua kuwa dhaifu? Ni kweli kwamba jua la saa sita mwezi Juni limeinama kidogo, na kila kipande cha ardhi kinapata mwanga pungufu kwa sehemu tisa katika mia. Hiyo peke yake haitoshi kumtetemesha mchunga ng'ombe alfajiri. Mambo mawili yanaongezeka. La kwanza ni urefu wa milima: vilima vya Masisi vinapanda kupita mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa digrii sita hivi. Hilo lipo mwaka mzima. La pili ni mawingu. Wingu la usiku ni blanketi. Joto ambalo ardhi ililipata mchana linabaki chini yake. Wakati wa jua mawingu ni machache, blanketi limeondolewa, na joto lote linapaa usiku kucha. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, umande ni baridi kama chuma. Mchana wake, ajabu, ni wa jua kali.

Je, wajua kwamba kuinama kule kule kunakoleta theluji Ulaya ndiko kunakoleta mvua Masisi? Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana vitabu vingi vinaonyesha mti mmoja katika picha nne, wenye maua, wenye majani, unaopukutika na wenye theluji, na mtoto wa Kivu anajiuliza mti huo uko wapi. Kwenu mwaka haupimwi kwa joto na baridi. Unapimwa kwa mvua.

Kazi inakwenda hivi. Pale ambapo jua liko utosini, ardhi na maji vinapata joto jingi. Hewa yenye joto ni nyepesi, inapanda juu ikibeba unyevu. Ikifika juu inapoa, unyevu unageuka matone, mawingu yanavimba, na alasiri ngurumo zinaanza. Kwa hiyo kuna mkanda wa mvua unaoizunguka dunia, uliojifunga karibu na ikweta kama kamba ya kiunoni. Kwa kuwa dunia imeinama, jua la utosini halikai mahali pamoja: Juni liko kaskazini ya mbali, Desemba liko kusini ya mbali. Mkanda unalifuata. Julai umepanda upande wa Sudani. Januari umeshuka upande wa Zambia. Na kila ukipanda na kila ukishuka, lazima upite juu ya Bihambwe. Unapita mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana kuna mvua mara mbili.

Wazee wanaosema Kinyarwanda katika Masisi wana majina manne kwa safari hiyo. Itumba ni mvua kubwa ya Machi mpaka Mei, mkanda ukiwa unapanda. Impeshyi ni jua la Juni mpaka Agosti, mkanda ukiwa mbali kaskazini. Umuhindo ni mvua ya Septemba mpaka Desemba, mkanda ukiwa unarudi. Urugaryi ni ule upungufu mfupi wa mvua wa Januari na Februari, mkanda ukiwa kusini. Majira manne, kama ya Ulaya, lakini yanatokana na kupita kwa mvua.

Je, wajua kwa nini mvua huchelewa nyuma ya jua? Jua linakuwa utosini katikati ya Machi, lakini mvua nyingi iko Aprili. Linarudi utosini mwishoni mwa Septemba, na mvua inashika nguvu Oktoba na Novemba. Ukiwasha mbabula na kuweka sufuria, maji hayachemki mara moja, ingawa makala yamekwisha kuwa mekundu. Ardhi, maziwa na bahari navyo vinachelewa hivyo kupata joto, na vinachelewa pia kupoa.

Je, wajua kwamba Lubumbashi ni nchi moja na Bihambwe lakini ina mvua mara moja tu kwa mwaka? Mji huo uko digrii kumi na moja na zaidi kusini ya ikweta. Jua linapita utosini pale mara mbili vilevile, mwishoni mwa Oktoba likienda kusini, na katikati ya Februari likirudi. Lakini safari hizo mbili zimekaribiana, kama mtu aliyefika mwisho wa njia akageuka papo hapo. Mvua ya kwenda na mvua ya kurudi zimeungana, zikawa msimu mmoja wa kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Baada ya hapo ni ukame mrefu, ambao watu wa huko wanauita kipwa.

Je, wajua kwamba Walikale ina mwinamo uleule, jua lilelile, na bado mvua yake haifanani na ya Masisi? Walikale kati iko karibu mstari mmoja na Masisi kati ukienda magharibi, na kijiti cha mita moja kingetoa vivuli vilevile. Lakini kule umeshuka mpaka kwenye msitu mkubwa wa bonde la Kongo. Miti inakunywa maji kwa mizizi na kuyapumua hewani kwa majani, mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi. Hata mkanda wa mvua ukiwa mbali, msitu unajitengenezea mawingu yake. Kwa hiyo Julai, wakati njia za Masisi zina vumbi, Walikale bado inanyeshewa. Na hewa ya bondeni ni ya joto, kwa sababu ya kuwa chini. Mwinamo wa dunia unasema lini. Mlima na msitu vinasema kiasi gani.

Hata hiyo "lini" si ya kushika kwa saa. Mkulima anajua. Mwishoni mwa Agosti inaweza kunyesha siku tatu mfululizo, udongo ukalainika, mtu akapanda maharagwe, halafu jua likarudi wiki mbili na mbegu zikakauka zikiwa zimechipua nusu. Mvua ya namna hiyo mara nyingi ni ya kilima kimoja tu: upepo umegonga mlima, hewa imepanda, imenyesha hapo, na ng'ambo ya bonde hakuna tone. Mvua ya mkanda inajulikana kwa kurudi kwake. Inakuja alasiri, kesho yake tena, na vilima vyote vinavyozunguka vinakuwa na mawingu kwa pamoja. Ndiyo maana sezoni A inahesabiwa kuanzia Septemba na sezoni B kuanzia Februari au Machi, lakini siku ya kushika jembe kila mmoja anaichagua kwa macho yake.

Je, wajua kwamba upepo wa pwani nao unaongozwa na mwinamo huu? Zanzibar na Mombasa, kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, na kusi hushika katikati ya mwaka. Juni bara kubwa la Asia linapata joto na kuvuta hewa upande wake. Desemba linapoa na kuirudisha. Majahazi ya Omani yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi.

Je, wajua kwamba jua halitoki mahali pamoja? Amka mapema, simama mahali pako pa siku zote, na tazama mashariki. Machi na Septemba jua linatoka mashariki kamili, upande ule wa Nyiragongo. Juni linatoka kushoto ya hapo, Desemba kulia. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: ngumi moja inafunika digrii kumi hivi za anga. Kutoka mahali pa Juni mpaka mahali pa Desemba ni karibu ngumi tano. Chagua mti au mwamba kwenye ukingo wa kilima, uutumie kuwa alama, na utaona jua likiuacha kidogo kidogo. Angalia tu pale mwanga unapoanza kuchungulia. Jua lenyewe usilikazie macho, linaharibu macho kweli.

Je, wajua kwamba unaweza kupima mwinamo wa dunia nzima ukiwa uani kwenu? Unahitaji kijiti cha mita moja kilichonyooka, uzi wenye jiwe, futi ya kupimia, na subira ya miezi sita.

Kisimamishe kijiti mahali tambarare. Masisi tambarare ni kazi kuipata, kwa hiyo weka ubao na juu yake sahani yenye maji: maji yakiwa sawa pande zote, ubao umelala vizuri. Ning'iniza uzi wenye jiwe kando ya kijiti kuona kama kimesimama wima. Usilichukulie hili kwa urahisi, kwa sababu kijiti kikiinama digrii moja tu, kivuli kinakudanganya kwa karibu sentimita mbili.

Saa sita ya kweli si lazima iwe saa sita ya simu. Bihambwe, katikati ya Machi jua linafika juu kabisa karibu dakika kumi na tatu baada ya saa sita, na mwishoni mwa Septemba dakika chache kabla. Basi anza nusu saa mapema. Kila dakika tano weka alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kitafupika, kitafupika, halafu kitaanza kurefuka tena. Kile kifupi kabisa ndicho unachokitaka. Utaona ukingo wake si mkali, una ukungu wa sentimita moja hivi, kwa sababu jua ni duara na si nukta. Pima katikati ya ukungu huo.

Fanya hivyo karibu na tarehe 21 Juni. Wakati wa jua anga ni safi, hutakosa. Kivuli kitakuwa sentimita 46, kikielekea kusini. Fanya tena karibu na tarehe 21 Desemba, utapata sentimita 40, kikielekea kaskazini. Desemba mawingu yanaweza kukunyima siku yenyewe, lakini usihuzunike. Mwishoni mwa safari zake jua ni kama limesimama, na kwa wiki nzima kivuli hakibadiliki zaidi ya milimita tatu. Machi na Septemba ndipo linapokimbia: kivuli cha saa sita kinabadilika karibu milimita saba kila siku.

Sasa chora kwenye daftari. Mstari wa kusimama wa sentimita 10 ndio kijiti. Kwenye mguu wake chora mstari wa kulala wa sentimita 4.6 ndio kivuli cha Juni. Unganisha ncha zake, na upime kwa kipimapembe ile pembe iliyo juu, kwenye kichwa cha kijiti. Utapata karibu digrii 25. Fanya vilevile kwa sentimita 4.0 za Desemba, utapata karibu digrii 22. Jumlisha, 47. Gawa kwa mbili, 23 na nusu. Hicho ndicho kiasi ambacho dunia imeinama, na umekipata kwa kijiti.

Pembe mbili zile hazikulingana, na hayo si makosa yako. Toa 22 kwenye 25, inabaki 3, gawa kwa mbili: digrii moja na nusu. Ndio umbali wa Bihambwe kutoka ikweta. Mtoto aliye kwenye ikweta yenyewe angepata vivuli viwili vinavyolingana. Wewe chako cha Juni ni kirefu zaidi, kwa sababu jua likiwa kaskazini uko hatua kidogo mbali nalo kuliko yeye.

Na ukikiacha kijiti mahali pake mpaka mvua za sezoni A zianze, subiri siku ya karibu na tarehe 26 Septemba, dakika chache kabla ya saa sita, kabla mawingu ya alasiri hayajapanda kutoka upande wa Walikale. Kivuli ambacho kimelala kusini tangu Machi kitajikunja mpaka kiishe. Siku tatu baadaye utakikuta kimetokeza upande wa pili, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, kikielekea kaskazini.